Aliyebaki kwenye gari: kwa nini dereva na mlinda njia hushtakiwa kwa kosa lenyewe

Ukisoma hati ya mashtaka ya unyang'anyi wa kutumia silaha yenye washtakiwa wanne, mara nyingi hutakuta mahali palipoandikwa kwamba wa kwanza alishika bastola, wa pili alibeba mzigo, wa tatu alisimama kona ya barabara na wa nne alikuwa kwenye usukani. Wote wanne wamo kwenye sentensi moja: kwa pamoja waliiba, na kwa pamoja walitumia nguvu. Ndugu wa dereva akiisoma hushangaa. Huyu hakushuka hata kwenye gari, ameibaje?

Ameiba kwa sababu sheria haimuulizi kila mtu amefanya nini kwa mikono yake tu. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na kifungu cha 20 cha ile ya Kenya vinakaribia kufanana neno kwa neno, maana vimetoka shina moja. Vinasema kosa likitendeka, wanaohesabiwa kuwa wamelitenda ni yule aliyefanya kitendo chenyewe, aliyefanya jambo lolote kwa lengo la kumwezesha au kumsaidia mwingine atende, aliyesaidia au kuhamasisha wakati wa kutenda, na aliyeshauri au kumshawishi mwingine atende. Kisha kinakuja kipande ambacho wengi hukiruka: kila mmoja wao anaweza kushtakiwa kwamba yeye mwenyewe ametenda kosa hilo. Hakuna kosa dogo la pembeni linaloitwa "kuendesha gari la wezi". Kuna wizi, na dereva yumo ndani yake. Uingereza iliweka kanuni ya namna hiyo kwenye sheria ya mwaka 1861, na mataifa mengi yaliyorithi mfumo wake yanayo hadi leo.

Huo ni mlango wa kwanza. Wa pili unafuata mara moja, kifungu cha 23 Tanzania na cha 21 Kenya, nao ni wa nia ya pamoja. Watu wawili au zaidi wakiafikiana kutekeleza jambo lisilo halali, na katika kulitekeleza likatendeka kosa ambalo kwa hali yake lilielekea kabisa kutokea, basi kila mmoja wao amelitenda. Mlango wa kwanza unamkamata dereva kwa kosa alilokuja kulisaidia. Wa pili unaweza kumkamata kwa kosa ambalo halikuwa kwenye mpango.

Chukua mfano wa kubuni tuupitie polepole. Watu wanne wamepanga kuvunja ghala la vifaa vya umeme usiku. Dereva anaegesha mita 60 kutoka kwenye geti, pua ya gari ikitazama barabara kuu, taa zimezimwa, injini inaunguruma. Mlinda njia anasimama kona na simu mkononi. Makubaliano ni kwamba doria ikionekana atabipu mara moja. Wawili wanaingia ndani, mmoja na nondo, mwingine na bastola kiunoni. Wanakuta mlinzi amelala, wanamwonyesha bastola, wanamfunga kamba, wanabeba maboksi. Kabla hawajatoka, mlinda njia anaingiwa na hofu na kuondoka kimyakimya. Dakika tano baadaye mlinzi anajinasua na kumkamata shati yule wa bastola. Mlio unasikika. Wawili wanakimbilia kwenye gari, dereva anaondoa. Mlinzi anafariki.

Tuanze na kuvunja na kuiba, kwa sababu hapo hakuna mjadala mrefu. Dereva na mlinda njia walifanya mambo kwa lengo la kuwawezesha wenzao. Utetezi unaosikika sana ni kwamba msaada wao haukuleta tofauti yoyote: doria haikupita, simu haikupigwa, na wezi wangeweza kutoroka kwa miguu. Utetezi huo haufiki mbali. Upande wa mashtaka hautakiwi kuthibitisha kwamba bila dereva wizi usingetendeka. Inatosha kwamba alitoa msaada, au kwamba uwepo wake ulioafikiwa uliwapa wenzake moyo wa kuendelea. Anayevunja mlango akijua gari liko tayari nje anavunja kwa ujasiri ambao asingekuwa nao akiwa peke yake. Kwa hiyo mlinda njia ambaye hakuona kitu na hakubipu amekwisha kusaidia tangu aliposimama pale kwa makubaliano.

Umbali nao haumwokoi. Mita 60 au mita 600, mtu aliyejiweka mahali ambapo angeweza kutoa ishara au kuwabeba wenzake anahesabiwa yumo katika tukio.

Ila lipo jambo linalochanganywa hapa, na mara nyingine hata wapelelezi hulichanganya: kuwepo peke yake si kosa. Mahakama za Uingereza zililisema mwaka 1882 katika kesi ya Coney, iliyohusu watazamaji wa pambano haramu la ngumi, na zikalirudia mwaka 1971 katika kesi ya Clarkson, ambapo askari walisimama wakitazama mwanamke akibakwa kambini. Jambo la aibu kiasi gani, kila mtu anaona. Lakini kutazama bila kuzuia si kusaidia, mpaka ithibitike kwamba mtazamaji alihimiza kwa namna fulani na alikusudia kuhimiza. Ndiyo maana mpita njia aliyesimama kona ileile saa ileile, bila makubaliano na mtu, hana hatia, hata kama wezi walimwona wakamdhania ni mwenzao.

Kinachomtenganisha mpita njia na mlinda njia, basi, ni alichojua na alichokusudia. Hapa ndipo kesi nyingi za madereva hushinda au kuanguka.

Dereva hatakiwi kujua kila kitu. Mwaka 1976 huko Ireland ya Kaskazini, mtu aitwaye Maxwell aliongoza kwa gari lake gari jingine usiku hadi kwenye baa moja, kisha akaondoka zake. Waliokuwa kwenye gari la nyuma wakarusha bomu. Maxwell alikuwa mwanachama wa kundi lenye silaha, na utetezi wake ulikuwa kwamba hakujua kilichopangwa hasa: bomu, risasi, au kitu kingine. Mwaka 1978 mahakama ya juu ya Uingereza, iliyokuwa ndani ya Baraza la Malodi, ilikataa utetezi huo. Alijua anawaongoza watu kwenye shambulio, na bomu lilikuwa moja ya mambo aliyoyatarajia kuwa yanawezekana. Kwa hiyo anayejua kwamba litatendeka moja kati ya makosa mawili matatu, akasaidia hivyohivyo, ana hatia ya lile litakalotendeka.

Lakini kushuku tu kwamba "hawa watu si wema" hakutoshi. Mwaka 1959, katika kesi ya Bainbridge, mtu alinunua mitungi na mashine ya gesi ya kukatia chuma, na wezi wakaitumia kuvunja benki. Mahakama ilieleza kwamba lazima mtu awe amejua aina ya kosa linalokusudiwa, yaani kuvunja na kuiba, ingawa si lazima ajue ni benki gani wala siku gani.

Sasa mgeuze dereva wetu awe dereva wa teksi. Amekodiwa na watu watatu, amelipwa nauli ya kawaida, ameambiwa asubiri dakika 20 wanachukua mizigo. Huyo hana hatia, hata kama gari lake ndilo lililobeba maboksi yote. Hali inabadilika taratibu kadiri mambo yanavyoongezeka: nauli ni mara kumi ya kawaida, anaambiwa azime taa na asizime injini, namba za gari zinafunikwa kwa tope mbele ya macho yake, naye anageuza uso pembeni. Mtu anayeziba macho kwa makusudi ili baadaye aseme hakuona, mahakama inaweza kumhesabu kuwa alijua. Tofauti yake na mzembe ni kwamba mzembe hakufikiria kabisa, wakati huyu alifikiria, akapata jibu, akakataa kulithibitisha.

Kwa kuwa hakuna anayeingia kichwani mwa mwenzake, ujuzi huthibitishwa kwa ushahidi wa mazingira, na vitu vinavyotafutwa ni vya kawaida sana. Rekodi za simu huonyesha nani aliwasiliana na nani kabla ya tukio, na kama mawasiliano yalikatika dakika zile za tukio. Namna gari lilivyoegeshwa, pua ikitazama njia ya kutokea, husema jambo. Hivyo hivyo safari ya kulikagua eneo siku moja kabla, mgawo wa mali, na uongo aliousema dereva alipohojiwa mara ya kwanza. Kila kimoja kikiwa peke yake kinaweza kuelezeka kwa njia isiyo na hatia. Wakili mzuri wa utetezi hukichukua kimoja kimoja. Upande wa mashtaka huomba mahakama ivitazame kwa pamoja. Kukosekana kwa mgawo hakumwondolei mtu hatia, maana sheria haisemi popote kwamba msaidizi lazima afaidike. Mgawo ni ushahidi tu.

Turudi ghalani. Mlinzi amekufa, na mpango ulikuwa wizi. Je, dereva ni muuaji?

Kwa maneno ya vifungu vya nia ya pamoja, swali si kama dereva alitaka mlinzi afe. Swali ni kama kifo cha aina hiyo kilielekea kutokea kutokana na jambo walilokubaliana. Hapa bastola ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Kama dereva alijua mwenzake ana bastola, na alijua ghala lina mlinzi, ni vigumu kushawishi mahakama kwamba risasi ilikuwa jambo lisilotarajiwa: bastola haibebwi kwa ajili ya kufungulia maboksi. Kama makubaliano yalikuwa kuvunja ghala ambalo wote waliamini halina mtu, na bastola ilifichwa hata kwa wenzake, dereva ana hoja ya kweli kwamba mauaji yalitoka nje ya mpango. Katikati ya hali hizo mbili ndipo mawakili hulumbana siku nzima.

Lipo jambo jingine ambalo watu wasio wanasheria hawalitarajii. Mauaji ya kukusudia yanahitaji dhamira ovu, na mtu wa kawaida hudhani hiyo ni nia ya kuua au kujeruhi vibaya. Lakini kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu pia kuwa dhamira ovu ile nia ya kutenda kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu. Kenya ina kanuni ya namna hiyo katika kifungu cha 206. Unyang'anyi uko mbali juu ya kiwango hicho. Kwa hiyo aliyekusudia unyang'anyi anaweza kujikuta amekwisha kuvuka kizingiti cha dhamira kabla hata risasi haijalia.

Uingereza imechukua njia nyingine. Kwa zaidi ya miaka 30, tangu uamuzi wa mwaka 1984 katika rufaa iliyotoka Hong Kong, mshiriki alitiwa hatiani kwa mauaji ikiwa tu aliona mbele kwamba mwenzake angeweza kuua, akaendelea kushiriki. Februari 2016, katika kesi ya Jogee, Mahakama ya Juu ilisema sheria ilikuwa imepotea njia. Jogee alikuwa nje ya nyumba akimhimiza mwenzake, ambaye ndani alimchoma mtu kisu. Mahakama iliamua kwamba kuona mbele ni ushahidi wa nia, wala si mbadala wa nia. Ili mshiriki awe na hatia ya mauaji ya kukusudia, lazima awe alikusudia kusaidia au kuhimiza kosa hilo, hata kama nia yenyewe ilikuwa ya masharti: tukizuiwa, tutaumiza. Asiyefika hapo bado anaweza kuwa na hatia ya kuua bila kukusudia, na ndivyo ilivyomtokea Jogee aliposikilizwa upya. Wanaonukuu kesi hiyo Afrika Mashariki wajihadhari. Ni tafsiri ya sheria ya Uingereza, na huku kwetu mahakama inaanza na maneno ya kifungu kilichoandikwa na Bunge.

Je, makubaliano lazima yawe ya kikao? Hapana. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema mwaka 1943, katika kesi ya Tabulayenka, kwamba nia ya pamoja inaweza kuonekana kutokana na kuwepo kwa watu, matendo yao, na kushindwa kwao kujitenga na shambulio. Inaweza kuzaliwa palepale, katikati ya tukio, bila mtu kutamka neno. Dereva aliyefika akidhani ni wizi, akaona kupitia dirishani mwenzake akimpiga mlinzi kwa nondo, akaendelea kusubiri na injini yake, amejiweka pabaya kuliko dakika tano zilizopita.

Hapo ndipo tunapomfikia mlinda njia aliyeondoka. Ndugu zake watasema hakuwepo risasi ilipolia, na ni kweli. Lakini alikuwa amekwisha kutoa alichoahidi: waliomo ndani bado wanaamini kona inalindwa. Kujitoa kunakotambuliwa na sheria ni kule kunakowafikia wenzako kwa wakati na bila utata, ili anayeendelea ajue kwamba sasa anaendelea bila wewe. Kesi ya Becerra ya mwaka 1975 hutajwa sana kwa hilo. Becerra alimpa mwenzake kisu wakati wa wizi ndani ya nyumba. Mpangaji wa juu alipokuja, alisema kuna mtu anakuja, tuondoke, akaruka dirishani. Mwenzake akabaki na kumchoma mpangaji hadi kufa. Becerra alikutwa na hatia ya mauaji. Mtu aliyekwisha kukabidhi kisu, na hatari imefika mlangoni, alitakiwa kufanya zaidi ya kuruka dirisha.

Mizani yenyewe ni ya kiasi. Aliyetoa maneno tu anaweza kuyafuta kwa maneno. Aliyetoa kifaa, ufunguo au gari anahitaji kuondoa athari ya msaada huo kadiri inavyowezekana: kuchukua ufunguo, kuwaonya waathirika, kuita polisi. Mlinda njia wetu angepiga simu akasema "mimi naondoka, msinitegemee" kabla mlango haujavunjwa, angekuwa na hoja nzuri. Kuondoka kimya baada ya mlinzi kufungwa kamba hakumpi kitu, isipokuwa labda huruma wakati wa adhabu. Kwa unyang'anyi, hoja yake imekufa kabisa, maana kosa hilo lilikuwa limetimia kabla hajaondoka.

Mgeuze dereva mara ya mwisho. Safari hii hakuwa na habari yoyote mpaka saa kumi alfajiri, rafiki yake alipompigia: tumefanya kazi, tumekwama, njoo utuchukue. Anakuja na kuwapeleka mafichoni. Huyu hakusaidia wizi kutendeka, kwa sababu ulikuwa umekwisha. Kosa lake ni kumsaidia mhalifu baada ya kosa, kosa linalojitegemea na lenye adhabu ndogo. Lakini neno "umekwisha" lina mtego. Unyang'anyi, kwa tafsiri ya sheria zetu, unajumuisha nguvu inayotumika mara tu baada ya kuiba ili kubaki na mali au kushinda upinzani. Dereva aliyefika wakati wezi bado wanapambana na watu getini, akafungua milango akijua kinachoendelea, atakuwa na kazi kubwa kueleza kwamba alikuja baada ya kosa.

Dereva aliyewekewa bastola shingoni ni habari nyingine. Sheria ya Tanzania na ya Kenya inamwachilia aliyelazimishwa na wahalifu wenzake, ila kwa masharti makali: tishio liwe la kuuawa au kudhuriwa vibaya papo hapo, na liwe limedumu muda wote wa kosa. "Walisema wakinikosa watanitafuta wiki ijayo" haitoshi. Wala haitoshi tishio lililokoma wakati waliomtisha walipoingia ndani, wakamwacha peke yake na ufunguo kwenye gari.

Adhabu haigawanywi moja kwa moja kwa ukubwa wa nafasi ya mtu, na pale sheria ilipoweka kima cha chini, jaji hana pa kumpunguzia dereva. Unyang'anyi wa kutumia silaha Tanzania ni kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kila aliyetiwa hatiani, awe alishika bastola au usukani. Marekani suala hili lilifika Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1982 kupitia mtu aitwaye Enmund, aliyekuwa akisubiri ndani ya gari huko Florida wakati wenzake wakiua wazee wawili kwenye nyumba ya shambani waliyokwenda kuipora. Alikuwa amehukumiwa kifo. Majaji watano kati ya tisa walisema Katiba hairuhusu kumpa adhabu ya kifo mtu ambaye hakuua, hakujaribu kuua, wala hakukusudia watu wauawe. Waliifuta adhabu hiyo peke yake. Kwamba alikuwa na hatia ya mauaji, hilo hawakuligusa.